Debe la Sitini

Munyi wa Kianjokoma alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata vita vya dunia kule Bama havikuutibu: alishindwa kumheshimu mtu mjinga. Watu wengine huficha dharau yao mfukoni. Ya Munyi ilikaa usoni, kwenye ule mdomo wa chini uliojikunja kila aliposikia upuuzi, na katika miaka ile ya Hali ya Hatari huo ulikuwa uso wa hatari kuvaa mbele ya mzungu au mbele ya askari wa kijiji. Ndiyo maana alijifunza kutazama chini. Watu wakadhani ni mnyenyekevu.

Alizaliwa kwenye miteremko ya mlima, mahali pa viazi na mvua ya manyunyu, akasoma misheni miaka minne, akachukuliwa jeshini akawa katika kikosi cha wajenzi wa madaraja. Huko sajenti mmoja mlevi, ambaye Munyi alimdharau kwa kila kitu isipokuwa kazi yake, alimfundisha jinsi chuma kinavyobeba na jinsi kinavyochoka. Aliporudi nyumbani na daftari lake lenye madoa ya mafuta, aliajiriwa katika karakana ya barabara pale Embu mjini. Mwaka wa hamsini na tano alikuwa huko bado, mkaguzi wa vyuma, na cheo chake kwenye karatasi kilikuwa "kibarua wa daraja la pili".

Mkewe Wambeti hakuwa naye. Wambeti alikuwa Kianjokoma, ndani ya kijiji cha lazima chenye handaki na miti iliyochongwa ncha, ambamo watu wote wa matuta yale walisukumwa pamoja, nyumba zao za zamani zikachomwa. Kila alfajiri wanawake ishirini walipandishwa juu ya lori la mawe, wakaketi juu ya shehena, wakapelekwa kujenga barabara ya jeshi ya kuelekea msituni. Kazi hiyo haikuwa na malipo. Iliitwa kazi ya jamii, jina alilolitunga mtu ambaye hakuwahi kubeba jiwe.

Barabara hiyo ilivuka mto chini ya kijiji. Daraja la mbao lilikuwa limechomwa, kwa hiyo lori lilizunguka maili kumi na moja. Sasa daraja jipya lilikuwa linakamilika, na lilibebwa na vyuma vizito vya mstatili vilivyotolewa kwenye mtambo wa zamani wa kupasulia mbao. Swali lilikuwa moja tu: tani ngapi? Lori lenye mawe lilikuwa na uzito wa tani kumi na moja. Ukiweka wanawake ishirini juu, ni kumi na mbili. Na katika hao ishirini, mmoja alikuwa Wambeti.

Mwenye kujibu swali hilo alikuwa Bwana Haskett.

Bwana Haskett alikuwa na miaka ishirini na sita, soksi ndefu, na imani kubwa katika chokaa. Wiki yake ya kwanza aliamuru mawe yote ya kandokando ya njia ya karakana yapakwe chokaa. Wiki ya pili akapaka miti. Thuranira, mhunzi Mmeru aliyefanya kazi na Munyi, alisema kwamba wakisimama sana mahali pamoja watapakwa na wao. Debe tupu haliachi kuvuma, na huyu alivuma kuanzia saa mbili asubuhi.

Siku ya Jumatatu walipima chuma. Munyi alitoa kipande kutoka kwenye vyuma vilevile vya mtambo, kirefu futi tisa, kina cha inchi mbili na upana wa inchi moja, akakisimamisha kwa ubavu wake mwembamba juu ya nguzo mbili. Chini yake alining'iniza jukwaa la mbao kwa minyororo miwili, kila mnyororo futi mbili kutoka kwenye nguzo yake, ili sehemu yote ya kati, futi tano nzima, ipinde sawasawa. Akavuta waya kutoka mnyororo hadi mnyororo na kuweka rula katikati. Kisha wakaanza kupandisha madebe ya kokoto, yote yamepimwa, jukwaa lenyewe likihesabiwa kuwa madebe matatu. Kwa hesabu ya Munyi, madebe matano ya hapa yalikuwa sawa na tani moja kule darajani.

Kwa madebe ishirini chuma kilizama robo inchi. Kwa arobaini, nusu inchi. Mpaka hapo mtoto wa darasa la pili angeweza kutabiri. Bwana Haskett aliandika nambari zake, akachora vitone viwili na kuviunga kwa mstari ulionyooka, akapendezwa na mstari wake. Kwa hamsini kilizama inchi sabini kwa mia, yaani karibu robo tatu.

"Simama! Tosha," akasema Bwana Haskett kwa Kiswahili chake cha shambani. "Angalia. Arobaini kwenda hamsini, naongeza kidogo tu, ngapi? Ishirini kwa mia ya inchi. Kwenda sitini naongeza kidogo kama hii tena. Inchi moja hapana fika. Tani kumi na mbili, mzuri sana."

Munyi alitazama chini, lakini mdomo ulikuwa umekwisha kujikunja. "Bwana, arobaini ndipo ngozi yake inapochoka. Baada ya hapo haiendi kwa mstari ulionyooka. Nipe ruhusa tupandishe mpaka mwisho."

"Mimi hapana taka shauri mingi."

"Basi tushushe, bwana aone kitu."

Wakashusha madebe yote. Chuma kilipanda, lakini hakikurudi kunyooka kabisa. Kati ya waya na rula ulibaki upenyo, unene wa shilingi moja hivi. Munyi alimwonyesha. Mpaka arobaini chuma hurudi kama hakijabebeshwa kitu, akaeleza. Kikipita hapo kinabaki na kumbukumbu. Bwana Haskett aliinama, akatazama upenyo ule, akasema ni uchafu tu, akaenda kunywa chai.

Tuseme ukweli: mtu huyu hakuwa mwovu. Mwovu angalijua anachokifanya. Huyu alikuwa na kitabu kizuri kuliko daftari la Munyi, na humo ndani mlikuwa na kila kitu, ila alikuwa mtu wa kusoma ukurasa wa kulia na kuuacha wa kushoto. Alikuwa amesoma kwamba chuma cha mstatili hakishindwi pale ngozi yake inapochoka, kwamba kina akiba ya nusu tena ya mzigo ule, na hilo ni kweli. Arobaini na nusu yake ni sitini. Hakusoma akiba hiyo inalipiwa na nini.

Usiku ule Munyi hakulala vizuri, asubuhi yake akamweleza Thuranira. Alichukua kipande cha ubao, akachora chuma kwa ubavu.

"Kikipinda, juu kinabanwa na chini kinavutwa. Katikati hakuna kitu," akasema. "Chukulia ni watu waliopangwa tabaka kwa tabaka. Wanaoumia kwanza ni wa ukingoni, juu kabisa na chini kabisa. Wakifika mwisho wa nguvu zao hawafi, wanaendelea kushika palepale walipofika, lakini mzigo ukiongezeka hawaongezi hata ratili moja. Wa ndani yao ndio wanaoongeza. Kisha na wao wanachoka. Kwa hiyo sehemu iliyo hai inabaki ukanda katikati, na ukanda unazidi kuwa mwembamba."

"Na ukanda mwembamba unapinda upesi," akasema Thuranira, ambaye maisha yake yote alikuwa amepinda vyuma.

"Kupinda kukiwa mara mbili ya pale pa arobaini, ukanda ni nusu ya kina. Kukiwa mara tano, ukanda ni moja ya tano. Na hapo mzigo umeongezeka kitu gani? Karibu hakuna. Madebe kumi ya kwanza yanakula kidogo. Debe la mwisho linakula chote. Na yeye anataka kumweka mke wangu juu ya debe la mwisho."

"Mwambie hivyo."

"Nimwambie, aniandike jina? Kitambulisho changu kina mihuri mitatu, na kila muhuri una mtu anayeweza kuufuta."

Thuranira alikwaruza ndevu zake, akatazama nje, kwenye mawe meupe, miti myeupe, hata bomba jeupe la maji. "Mpe chokaa," akasema.

Hapo ndipo Munyi alipocheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Sajenti mlevi alikuwa amemfundisha hilo hasa: paka chuma chokaa nyepesi, iache ikauke, kipinde. Pale chuma kinapokuwa hai, chokaa hukaa. Pale kinapochoka na kunyumbuka, chokaa hukatika na kudondoka.

Alimwendea Bwana Haskett akiwa ametazama chini kuliko siku zote. Mkubwa wa jimbo, alisema, anakuja Alhamisi kulikagua daraja. Je, si ingefaa aonyeshwe chuma kikibeba madebe yote sitini, mbele ya macho yake? Na chuma kipya, bwana, kipakwe chokaa kiwe safi.

Bwana Haskett alimtazama kwa upendo. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza Munyi amesema jambo la maana.

Alhamisi asubuhi mkubwa alishuka kwenye gari, mzee mkavu mwenye fimbo, asiyesema sana. Nyuma yake alikuwa Njura, kiongozi wa askari wa kijiji cha Kianjokoma, aliyekuja kusikia lori lake litaanza lini kupita, kwa sababu kuzunguka maili kumi na moja kulimchelewesha, na Njura alipenda kusifiwa kwa kuwahi. Chuma kilikuwa kinang'aa kama jino. Bwana Haskett akaeleza mstari wake kwa dakika kumi. Kisha madebe yakaanza kupanda, yakipangwa kutoka katikati ya jukwaa, Munyi akitaja hesabu kwa sauti.

"Arobaini. Nusu inchi."

Chokaa yote ilikuwa mahali pake. Mkubwa akapiga miayo.

"Hamsini. Inchi sabini kwa mia."

Kwenye ukingo wa juu na wa chini vilianza kudondoka vipande vidogo, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Kati ya minyororo miwili chuma kilikuwa na ukingo mweusi juu na ukingo mweusi chini, na katikati ukanda mweupe wa inchi moja na nusu kasoro kidogo.

"Nini hiyo inatoka?" mkubwa akawauliza wafanyakazi.

"Chokaa ya hapa," akadakia Bwana Haskett. "Chokaa mbaya."

"Hamsini na tano. Inchi moja."

Ukanda mweupe sasa ulikuwa wa inchi moja. Juu nusu inchi ilikuwa imevuliwa nguo, na chini nusu inchi. Bwana Haskett alitazama karatasi yake. Mstari wake ulikuwa umesema inchi moja haitafika hata kwa sitini. Aligeuza karatasi, kana kwamba jibu lingekuwa nyuma.

"Hamsini na nane. Inchi moja na nusu, na zaidi."

Madebe matatu tu, na kilikuwa kimezama zaidi ya nusu inchi, kiasi ambacho mwanzoni kilihitaji madebe arobaini. Ukanda ulikuwa sasa mwembamba kuliko kidole cha mtu mzima. Chuma hakikulia wala hakikupasuka. Kilijikunja kimya kimya. Mkubwa wa jimbo, ambaye hakuwa mhandisi lakini alikuwa amefika uzee akiwa na miguu yake yote miwili, alirudi hatua tatu nyuma.

"Naona inavunjika," akasema.

"Hapana, hapana! Hii ina nguvu bado!" Uso wa Bwana Haskett ulikuwa mwekundu. Na kwa kweli kilikuwa na nguvu bado: madebe mawili. "Bado nabeba. Angalia!" Kisha, kwa kuwa sikio la kufa halisikii dawa, akapanda juu ya jukwaa mwenyewe, soksi na yote, akasimama katikati ya madebe huku akishika mnyororo.

Bwana Haskett alikuwa na uzito wa madebe matatu na nusu. Munyi alikuwa amekwisha kumpima kwa macho siku ya kwanza.

Hakuanguka. Kuanguka kungekuwa na heshima kidogo. Alishuka taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti laini, huku ukanda mweupe ukipotea kati ya mweusi na mweusi mpaka ukabaki kama uzi, na chuma kikikunjika kama upinde wa mtoto wa Mbeere, mpaka jukwaa likakaa chini mavumbini na madebe yakamwagika kokoto kwenye viatu vyake. Chokaa ilikuwa kwenye nywele zake. Hatimaye alikuwa amepakwa na yeye.

Hakuna aliyecheka. Thuranira aliingia nyuma ya karakana na kukohoa kwa muda mrefu.

"Sitini na moja na nusu," akasema Munyi, macho chini. "Rula haifiki, bwana."

Mkubwa alimtazama Munyi, kisha chuma, kisha Bwana Haskett aliyekuwa akijipangusa. "Tani sita," akasema, "na bango liwekwe." Akapanda gari lake akaenda zake. Tani sita ilikuwa sawasawa. Hesabu ya Munyi ilisema ngozi ya chuma inachoka kwa tani nane, na mtu mwenye akili hukaa mbali na hapo. Mwezi ule taarifa ikaandikwa kwamba Bwana Haskett, kwa jaribio alilolibuni mwenyewe, ameokoa daraja. Munyi aliisoma wakati wa kuifunga kwenye jalada, na mdomo wake ulijikunja mpaka ukauma. Hata hivyo alikuwa na furaha. Kila alfajiri, ilipofika saa ya lori, alijiambia kwamba mke wake hatazama mtoni, na kwamba yeye, kibarua wa daraja la pili, ndiye aliyemshika.

Alipata ruhusa ya kwenda nyumbani Jumapili ya tatu. Alipita darajani kwa miguu, akaliona bango alilolipaka mwenyewe: TANI SITA. Aliinama akatazama vyuma. Vilikuwa vimenyooka kabisa. Aliingia kijijini akitembea kama mtu aliyeleta mbuzi.

Wambeti alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha mbele, hakuinuka. Alimkaribisha vizuri, akampa uji, akamwambia mtoto Njue ana kikohozi. Munyi hakuweza kungoja. Akamsimulia yote, Haskett, chokaa, ukanda, jukwaa. Alifika pale pa soksi, akategemea kicheko. Wambeti alikuwa na kicheko kikubwa, ndicho alichomwolea.

"Kumbe ni wewe," akasema Wambeti.

"Ni mimi."

"Baba Njue, lori lile tupu lina uzito gani?"

"Tani nne na nusu."

"Basi linavuka na mawe ya tani moja na nusu. Na mengine?"

Munyi aliona swali likija kabla hajalielewa. Mawe yaliyokuwa juu ya lori yalikuwa tani sita na nusu. Alikuwa ameyapima mwenyewe.

"Njura anasimamisha lori kwa ng'ambo hii," akasema Wambeti. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayesimulia habari za soko. "Anasema bango la serikali ni bango la serikali. Tunashuka. Tunapakua. Tani tano zinavuka kwa migongo yetu, safari saba kila mtu, kila siku ya Mungu isipokuwa leo. Kisha tunapakia upya, tunapanda juu, tunaenda kufanya ile kazi yenyewe. Mama Mbogo alianguka Jumanne na jiwe likamvunja kiwiko. Zamani tulikuwa tunazunguka maili kumi na moja tumekaa."

Munyi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake haukujikunja.

"Mngezama," akasema. "Mngekuwa juu yake, mngezama mtoni."

"Najua. Umefanya vizuri." Wambeti alisema hivyo bila kejeli, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Chuma umekijua vizuri sana. Umejua ni debe la ngapi linalokiumiza. Mimi nimekuuliza tu mawe mengine yanaenda wapi, na wewe hukuwa umejiuliza."

Alivua kitambaa cha kichwani ili ajikune. Pale kwenye paji la uso, mahali pa ukambaa wa ngozi unaoshika mzigo wa mgongoni, palikuwa na mfereji kutoka sikio hadi sikio. Wanawake wote wa matuta yale wanao, mama yake Munyi alikuwa nao, lakini huu wa Wambeti wiki tatu zilizopita ulikuwa alama tu. Munyi alinyoosha kidole akakilaza ndani. Kina chake kilikuwa zaidi ya unene wa shilingi, zaidi ya ule upenyo wa chuma.

"Leo ni Jumapili," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mjinga kabisa. "Leo hujabeba kitu."

"Ndiyo," akasema Wambeti. "Leo sijabeba."